Jinsi ya kuandaa ripoti ya kupunguza maji yasiyolipiwa katika mji: uvujaji, makosa ya dira na maunganisho haramu

Ripoti nyingi za upotevu wa maji zina asilimia moja kubwa ukurasa wa kwanza, kisha maelezo marefu kwamba mabomba ni chakavu na wananchi wanaiba maji. Msomaji akimaliza hajui ni mita ngapi za ujazo zinamwagika ardhini, ngapi zinapita kwenye dira bila kuhesabiwa, na ngapi zinachukuliwa na watu wasio kwenye daftari. Bila mgawanyo huo, mamlaka hununua dira mpya wakati shida iko kwenye mabomba, au hufukua barabara wakati shida iko kwa wateja wakubwa kumi.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuupata mgawanyo huo kwa vipimo. Nitatumia mji mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho: wateja 6,000, maji saa 24, tangi moja kuu la kugawia. Takwimu zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Weka za mji wako mahali pake.

Jambo moja tuliweke sawa kwanza. Maji yasiyolipiwa ni yale yaliyoingia kwenye mtandao lakini hayakuingia kwenye ankara yoyote. Mteja aliyepewa ankara akakataa kulipa hayumo humu. Hilo ni deni, na lina idara yake. Ukichanganya madeni na upotevu, hesabu yote iliyobaki haitafunga.

## Hatua ya 1: Pima dira ya mtambo kabla ya kitu kingine

Kila namba katika ripoti inatoka kwenye maji yaliyozalishwa, kwa hiyo dira ya mtambo ikidanganya, ripoti nzima imedanganya. Dira hizi hufungwa na kusahaulika. Wakati mwingine imefungwa karibu mno na kona ya bomba au vali, maji yanafika yakizunguka, nayo inasoma vibaya tangu siku ya kwanza.

Njia rahisi ya kuikagua ni tangi. Katika mji wetu, tangi la maji safi lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, yaani eneo la mita za mraba 300. Funga kabisa maji yanayoingia, hakikisha hakuna yanayomwagika kwenye bomba la ziada, kisha acha tangi litoe maji kupitia dira kwa saa mbili. Pima kina cha maji mwanzo na mwisho kwa rula ndefu au utepe, ukisoma mara tatu kila upande kwa sababu uso wa maji huchezacheza.

Tuseme kina kimeshuka kwa mita 1.04. Zimetoka mita za ujazo 312. Dira imesoma 325. Maana yake ni kwamba kila mita 325 inazodai, mita halisi ni 312, sawa na 0.96. Mamlaka ilikuwa ikiandika mita za ujazo 118,000 kwa mwezi, lakini uzalishaji wa kweli ni 118,000 × 0.96, yaani 113,280.

Kwa saa mbili za kazi tumefuta mita 4,720 kwa mwezi za upotevu ambao haukuwahi kuwepo. Inaweza pia kutokea kinyume, dira ikasoma chini na upotevu ukapanda. Liandike hivyo hivyo, hata kama meneja hatafurahi.

## Hatua ya 2: Tengeneza mizania ya maji

Chukua miezi 12, si mmoja. Dira ya mtambo husomwa tarehe 1, lakini dira za wateja husomwa kwa siku nyingi katikati ya mwezi, njia moja baada ya nyingine. Ukilinganisha mwezi mmoja na mwingine utaona upotevu ukiruka juu na chini kwa sababu ya tarehe tu. Wastani wa mwaka hufuta sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kwa wastani wa mwezi, mji wetu uko hivi:

| Kipengele | Mita za ujazo kwa mwezi |
|---|---|
| Maji yaliyoingia mtandaoni (baada ya kusahihisha) | 113,280 |
| Yaliyo kwenye ankara, wenye dira | 68,000 |
| Yaliyo kwenye ankara, wasio na dira (kwa makadirio) | 3,000 |
| Yaliyoruhusiwa bila ankara: kusafisha mabomba, zimamoto, ofisi za mamlaka | 1,280 |
| Yaliyobaki, yaani upotevu | 41,000 |

Maji yasiyolipiwa ni 113,280 ukitoa 71,000, sawa na 42,280. Hiyo ni asilimia 37.3. Hesabu ya zamani, kabla ya kupima dira ya mtambo, ilikuwa asilimia 39.8.

Kwenye mstari wa maji yaliyoruhusiwa bila ankara, usikubali namba ya mviringo kutoka mezani. Muulize anayesafisha mabomba: unafungua kwa dakika ngapi, kwenye bomba la ukubwa gani, mara ngapi kwa mwezi? Mstari huu ukiachwa wazi hugeuka shimo la kufichia kila kitu.

Sasa hizo 41,000 zigawanywe. Upotevu wa kibiashara ni maji yaliyomfikia mtu akayatumia, lakini hayakuhesabiwa: dira mbovu, makosa ya usomaji, maunganisho haramu. Upotevu wa mtandao ni maji yaliyomwagika kabla ya kufika kwa mteja. Utaratibu ni kupima wa kibiashara kipande kwa kipande, ukaitoa jumla yake, na kinachobaki ndicho uvujaji. Halafu uvujaji huo unapimwa upya kwa njia nyingine kabisa, usiku, ili kuona kama majibu mawili yanakaribiana. Ripoti isiyo na ukaguzi huu wa pili siiamini.

## Hatua ya 3: Makosa ya dira

Dira ya nyumbani inapozeeka hukosea zaidi maji yakipita polepole. Sehemu zake huchakaa na kupata msuguano, tope huingia, na maji kidogo hupita bila kuisukuma. Nyumba zenye tangi juu ya paa huongeza tatizo: vali ya boya inapokaribia kufunga, maji huingia kwa utepe mwembamba kwa muda mrefu, na utepe huo ndio ambao dira chakavu haiuoni. Dira iliyofungwa ikiwa imelala upande nayo hupoteza uwezo wa kusoma maji ya polepole, hata ikiwa mpya. Kabla ya kuing'oa, tazama kama uso wake umetazama juu sawasawa, kisha piga picha.

Chagua dira za sampuli kwa bahati nasibu kutoka makundi ya umri na kiasi kilichokwisha kupita ndani yake. Usichukue zile zilizolalamikiwa, maana hizo tayari ni mbovu na zitakupa jibu la kutisha lisilo la kweli. Dira 60 zinatosha kuanzia kwa mji kama huu. Zing'oe kwa uangalifu, ziba pande zote mbili zisikauke, kisha zipime kwenye meza ya kupimia kwa kasi tatu: polepole sana, wastani na kubwa. Kama huna meza, ndoo iliyopimwa ujazo wake kwa mizani itafanya kazi, mradi uwe na subira kwenye kasi ya chini.

Kinachofuata hurukwa mara nyingi. Makosa ya kasi tatu hayawezi kujumlishwa na kugawanywa kwa tatu, kwa sababu wateja hawatumii kila kasi sawa. Tuseme vipimo vya matumizi katika nyumba chache vimeonyesha kwamba asilimia 12 ya maji hupita polepole, asilimia 38 kwa kasi ya wastani na asilimia 50 kwa kasi kubwa. Dira zetu zimesoma asilimia 60, 97 na 99 kwa mfuatano huo. Basi:

(0.12 × 60) + (0.38 × 97) + (0.50 × 99) = 93.6

Kwa kuzungusha, dira za nyumbani zinaona asilimia 94 ya maji yanayopita. Dira hizo ziliandika mita 52,000 kwa mwezi. Matumizi halisi ni 52,000 ÷ 0.94, yaani 55,319, na zilizokosekana ni 3,319. Angalia kwamba tunagawanya. Ukichukua asilimia 6 ya 52,000 utapata 3,120, na hiyo si sahihi, kwa sababu asilimia 6 ni ya maji halisi, si ya yale yaliyosomwa.

Wateja wakubwa, kama hospitali, shule za bweni na viwanda, wapimwe mmoja mmoja. Hawa ni 40 tu katika mji wetu, lakini dira zao ziliandika mita 16,000. Kosa lao la kawaida ni dira kubwa kupita mahitaji: jengo lilipangiwa maji mengi, likafungiwa dira ya inchi 3, na sasa linatumia maji kidogo ambayo dira hiyo haiyahisi. Funga dira ya kukagulia kwa mfuatano na ile iliyopo kwa wiki moja, kisha linganisha. Wetu walionekana wanasoma asilimia 92 kwa wastani, hivyo 16,000 ÷ 0.92 inaleta 17,391, na pengo ni 1,391. Jumla ya makosa ya dira: karibu 4,700.

Ongeza makosa ya kumbukumbu. Chapa orodha ya wateja waliosomewa namba ile ile miezi mitatu mfululizo, waliokadiriwa badala ya kusomwa, na wakubwa ambao dira yao inatakiwa kuzidishwa kwa 10 lakini mfumo unazidisha kwa 1. Hapa tulipata mita 600 kwa mwezi. Hakuna shimo la kuchimba wala dira ya kununua, ni mtu mmoja kukaa na orodha.

Tahadhari moja: mahali ambapo maji ni ya mgao, hewa hutangulia bombani maji yanaporudi na huzungusha dira. Huko dira nyingine husoma zaidi ya kawaida kwa saa za mwanzo, na matokeo ya meza ya kupimia hayatoshi peke yake.

## Hatua ya 4: Maunganisho haramu

Sehemu hii ndiyo inayoharibika kirahisi zaidi, kwa sababu kila namba isiyoelezeka husukumiwa humu. "Wizi wa maji asilimia 15," na hakuna aliyehesabu hata nyumba moja.

Tenganisha kazi mbili. Kuna kuwatafuta wanaochukua maji, na kuna kukadiria ukubwa wa tatizo. Kuwatafuta unaanza na dalili: akaunti zilizokatiwa maji lakini nyumba ina watu na bustani ya kijani, dira zinazosoma sifuri, nyumba zilizo kwenye ramani lakini hazimo kwenye daftari, dira iliyofungwa kinyume. Ukifika kwenye nyumba unayoitilia shaka, funga koki ya dira kisha omba bomba la ndani lifunguliwe. Usikimbilie kuhukumu, kwa sababu tangi la juu linaweza kuwa linatoa. Tafuta bomba lisilopitia tangini, kwa kawaida lile la uani, liache wazi kwa dakika kadhaa. Likiendelea kutoa kwa nguvu ile ile huku koki imefungwa, kuna njia ya pembeni inayoipita dira, au koki yenyewe haifungi. Jaribu koki kwanza kwa kutazama kama kishale cha dira kimesimama.

Lakini matokeo ya msako huo hayawezi kutumika kukadiria mji mzima, kwa sababu ulikwenda kwenye nyumba zenye dalili. Kwa makadirio, chagua nyumba kwa bahati nasibu kutoka ramani nzima na uzitembelee zote, hata zile za wateja wema. Mji wetu una nyumba 7,000. Tulichagua 350, na 14 zikakutwa zinachukua maji kinyume na utaratibu, sawa na asilimia 4. Kwa mji mzima hiyo ni nyumba 280.

Sampuli ya 350 haina uhakika mkubwa kwa tukio adimu kama hili. Kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya asilimia 2 na 6, yaani nyumba 140 hadi 420. Ripoti iseme hivyo waziwazi. Mteja wa kawaida hutumia karibu mita 9.5 kwa mwezi ukishasahihisha dira, na asiyelipa hutumia zaidi, hivyo tumeweka mita 15 kwa kila nyumba na kuandika kwamba hilo ni kisio. Tunapata 4,200 kwa mwezi, na mipaka ya 2,100 hadi 6,300.

Timu inayotembelea nyumba isiwe na wasoma dira wa njia ile ile. Sisemi kwamba wasoma dira ni wabaya. Ila mtu aliyepita mlango huo kila mwezi bila kuona kitu hana sababu ya kukiona leo.

## Hatua ya 5: Uvujaji, na usiku wa kuthibitisha

Upotevu wa kibiashara ni 4,700 + 600 + 4,200, yaani 9,500. Toa kwenye 41,000, uvujaji unabaki 31,500 kwa mwezi, sawa na mita 1,050 kwa siku. Ukigawanya kwa wateja 6,000 ni lita 175 kwa kila muunganisho kwa siku.

Sasa tunakagua. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wamelala, na sehemu kubwa ya maji yanayotoka tangini yanakwenda kwenye nyufa. Soma dira ya mlango wa kutokea tangini kila dakika 15 kwa siku kadhaa, na chukua kiwango cha chini kabisa. Tuseme ni mita 62 kwa saa. Toa matumizi halali ya usiku: lita 2 kwa saa kwa kila mteja ni kisio la kawaida, hivyo mita 12, na kiwanda kinachofanya kazi usiku ambacho dira yake tuliisoma tukakuta mita 4. Zinabaki 46.

Usizidishe 46 kwa 24. Usiku presha hupanda kwa sababu matumizi yamepungua, na presha ikipanda nyufa hutoa zaidi. Katika mji wetu presha ya wastani kwa siku nzima ni sawa na kimo cha maji cha mita 45, na usiku ni mita 52. Uwiano wake ni 0.87, na ukizidisha kwa 24 unapata karibu 21. Basi uvujaji wa siku ni 46 × 21, yaani mita 966.

Njia ya kwanza ilisema 1,050, ya pili 966. Tofauti ni asilimia 8, yaani mita 2,520 kwa mwezi, ambayo inazidi kidogo tu mashaka ya mita 2,100 tuliyoyataja kwenye maunganisho haramu, na kisio la mita 15 kwa kila nyumba nalo lina mashaka yake. Hapo mgawanyo unaaminika. Kama njia ya usiku ingetoa 500, ningerudi nyuma kutafuta: ama dira za wateja ni mbovu kuliko tulivyodhani, ama watu wanaochukua maji ni wengi kuliko sampuli ilivyoonyesha. Kama ingetoa 1,500, ningeangalia kwanza kama wateja wanajaza matangi usiku.

Njia hii haifai palipo na mgao, kwani maji yakifunguliwa usiku kila tangi linajaza. Huko chagua kanda moja, ipe maji mfululizo kwa siku mbili au tatu mpaka matangi yote yajae, ndipo upime.

## Hatua ya 6: Kutafuta lilipo

Gawanya mtandao katika kanda zenye mlango mmoja wa maji na dira yake, kila moja ikiwa na wateja kati ya 500 na 3,000. Hakikisha kanda imefungwa kweli: funga mlango wake usiku na utazame kipimo cha presha. Ikishuka hadi sifuri, sawa. Ikibaki juu, kuna bomba jingine linaloleta maji ambalo ramani haina, na vipimo vyako vyote vya kanda hiyo havina maana mpaka lipatikane.

Kanda moja ya mji wetu ina wateja 1,400, lakini mtiririko wake wa usiku ni mita 24 kwa saa. Matumizi halali yangekuwa 2.8. Hapo tunafunga vali moja baada ya nyingine, kuanzia mbali na dira tukirudi kuikaribia, huku mtu mmoja akisoma dira na kupiga simu. Vali ya kwanza ilipofungwa, mtiririko ulishuka kutoka 24 hadi 23.6. Ya pili ilipofungwa, ulianguka hadi 16.4. Mtaa huo wa pili una wateja 90, ambao kihalali wangetumia mita 0.2. Kwa hiyo karibu mita 7 kwa saa zinamwagika kwenye kipande kimoja cha bomba. Kwa mwezi ni 7 × 21 × 30, yaani 4,410, zaidi ya makadirio yote ya maunganisho haramu ya mji mzima.

Kazi hii iishe haraka na vali zifunguliwe polepole. Bomba lisilo na presha linaweza kunyonya maji machafu kupitia ufa uleule unaoutafuta, kwa hiyo ukimaliza safisha kipande hicho na upime klorini kabla ya asubuhi. Vali isiyofunga sawasawa nayo hutoa jibu la uongo, hivyo zikague wiki moja kabla.

Baada ya kujua mtaa, unakwenda na fimbo ya kusikilizia. Weka ncha yake kwenye vali, kwenye koki ya dira, kwenye bomba la zimamoto, na sikio upande wa pili. Mtu anayeoga hutoa sauti inayokuja na kukoma. Ufa hutoa sauti moja isiyokatika, nyembamba kama mluzi kwenye bomba la chuma. Sogea koki kwa koki hadi upate mahali sauti ni kubwa kuliko pande zote mbili, na hapo ndipo unapochimba. Kwenye bomba la plastiki sauti hufa ndani ya mita chache na huwa ya chini na nzito, hivyo sikiliza kila koki bila kuruka, na ikibidi toboa ardhi kwa mtaimbo mwembamba juu ya bomba ukaguse chini.

Ukikuta maji kwenye mtaro na hujui kama ni ya bomba au ya chemchemi, chota kidogo uweke kidonge cha kupimia klorini. Yakigeuka ya waridi, ni maji yako. Mtaro wa mvua ndio mahali panapoficha uvujaji miaka mingi, kwa sababu maji hayatokezi juu ya barabara na hakuna anayepiga simu.

Usidharau uvujaji mdogo wa bomba la mteja. Bomba kuu likipasuka na kutoa mita 30 kwa saa, mtaa mzima utapiga simu na litazibwa ndani ya saa 12: zimepotea mita 360. Kiungo cha mteja kinachotoa nusu mita kwa saa na kukaa siku 180 bila kuonekana kimepoteza 2,160, mara sita zaidi. Kwa hiyo ripoti iweke safu tatu za muda kwa kila uvujaji: ulianza lini kwa makadirio, uligunduliwa lini, ulizibwa lini.

## Hatua ya 7: Geuza ujazo kuwa fedha

Maji ya bomba lililopasuka yamekugharimu umeme na dawa. Maji yaliyopita kwenye dira mbovu yamekugharimu bei ya kuuza, kwa sababu mteja aliyatumia. Tuseme kuzalisha mita moja ya ujazo kunagharimu 1, na bei ya kuuza ni 4. Uvujaji wa 31,500 una thamani ya 31,500. Upotevu wa kibiashara wa 9,500 una thamani ya 38,000. Ujazo mdogo, fedha nyingi.

Hesabu hiyo hubadilika kabisa kama mji una uhaba, na kuna watu wanaosubiri maji. Hapo kila mita utakayoziba utaiuza, na uvujaji unathaminiwa kwa 4: 126,000. Andika wazi ni hali gani inayowahusu, kwa sababu ndiyo inayoamua fedha ziende wapi.

Kwa mji wetu wenye maji ya kutosha, ningepanga hivi: kumbukumbu za ankara kwanza, maana hazina gharama. Kisha dira za wale wateja 40, ambazo mita 1,391 zao zina thamani ya 5,564 kila mwezi kwa kubadilisha vifaa vichache. Kisha ile kanda yenye mita 24 usiku. Maunganisho haramu yafuate, kwa kutoa kwanza muda wa kujisalimisha na kuingia kwenye daftari bila adhabu, halafu msako. Dira za nyumbani zibadilishwe kwa makundi, zile zilizopitisha maji mengi kwanza. Kubadilisha zote kwa mkupuo ili kupata mita 3,319 si busara. Kupunguza presha ya usiku kwa vali maalumu kunastahili kufikiriwa mapema, kwani hupunguza uvujaji hata ule ambao hamjauona, lakini hakikisheni nyumba za mwinuko hazikosi maji.

## Hatua ya 8: Kuandika na kufuatilia

Ukurasa wa kwanza uwe na jedwali la mizania, na mbele ya kila namba neno moja: imepimwa, imekadiriwa, au imekisiwa. Kurasa zinazofuata zieleze kila namba ilipatikanaje, ili mwingine aweze kurudia.

Lengo lisiwe asilimia. Tuseme kiwanda kinachotumia mita 9,000 kwa mwezi kinafungwa. Uzalishaji unashuka hadi 104,280, maji yasiyolipiwa yanabaki 42,280 yaleyale, na asilimia inapanda kutoka 37.3 hadi 40.5. Hakuna ufa ulioongezeka, lakini kwenye karatasi mafundi wameshindwa. Tumia lita kwa muunganisho kwa siku kwa uvujaji, mita za ujazo kwa mwezi kwa dira na maunganisho haramu, na mtiririko wa usiku kwa kila kanda.

Huo wa mwisho ndio unaosema ukweli upesi. Katika kanda yetu, baada ya kuziba kiungo kilichokuwa kikimwaga chini ya mtaro na viungo viwili vya wateja, mtiririko wa usiku ulishuka kutoka 24 hadi 17.5. Uweke kwenye grafu na uusome kila wiki. Ukianza kupanda tena kidogo kidogo, kuna ufa mpya unaokua. Ukiruka kwa usiku mmoja, ama bomba limepasuka, ama mtu amefungua vali ya mpaka wa kanda. Tuma mtu aitazame vali hiyo kwanza, kisha wenye fimbo za kusikilizia.